Punje ya Ulezi na Miaka Yake: Jinsi Sehemu ya Kaboni Iliyobaki Inavyogeuzwa kuwa Umri

(Hotuba iliyotolewa Masaka mbele ya walimu wa sayansi na historia, wanafunzi wa sekondari na wazee waalikwa.)

Walimu wenzangu, wazee wetu mliokubali mwaliko, nanyi wanafunzi mlioketi nyuma, nawasalimu nyote kwa heshima.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu punje za ulezi zilizoungua, nyeusi tititi, kila moja ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Mzee mmoja jirani wa shule alisogea, akaitazama ile punje kwenye kiganja changu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, unasema ulezi wa namna hii huweza kuwa na miaka mia nane. Nani alikuwepo akahesabu?" Nilimjibu haraka haraka kwa maneno ya kitabuni, na nikaona usoni mwake kwamba sikumjibu. Leo nataka nimjibu kwa utaratibu, kwa sababu swali lake ndilo swali lenyewe. Hakuna aliyekuwepo akahesabu miaka. Kinachohesabiwa ni sehemu ya kaboni iliyobaki ndani ya punje, na safari ya kutoka kwenye sehemu hiyo hadi kwenye mwaka ina hatua ambazo kila mmoja wetu anaweza kuzifuata akiwa na kalamu na kikokotoo cha kawaida.

Tuanze na hiyo kaboni. Karibu kaboni yote tunayoishika, iwe ya mkaa, ya sukari au ya mwili wetu, ni ya aina mbili zisizobadilika, yaani kaboni-12 na kaboni-13. Iko aina ya tatu, kaboni-14, ambayo ni adimu mno: katika hewa ni kama atomu moja tu kwa kila atomu trilioni moja za kaboni. Huzaliwa juu angani, pale nyutroni zinazotokana na miale ya anga za mbali zinapogonga atomu za nitrojeni. Kaboni hiyo mpya huungana na oksijeni, ikawa sehemu ya hewa ya kaboni dayoksaidi, mimea ikaivuta, ng'ombe akala majani, nasi tukanywa maziwa. Kiumbe akiwa hai, kaboni-14 inayopotea mwilini mwake hujazwa tena na chakula au hewa mpya. Siku ulezi unapovunwa, mlango wa kuingilia hufungwa, na kilichobaki ni kupungua tu.

Kupungua huko twaita kuoza, lakini nawasihi msifikirie kuoza kwa ndizi. Atomu ya kaboni-14 haichakai wala haizeeki. Atomu iliyozaliwa jana na ile yenye miaka 10,000 zina nafasi sawasawa kabisa ya kuoza katika mwaka ujao, na nafasi hiyo ni takriban moja kwa 8,267. Inapooza hutoa elektroni na kugeuka kuwa nitrojeni ya kawaida, ile ile iliyojaa hewani, ikaenda zake. Kwa hiyo hatuwezi kuokota kilichooza na kukihesabu. Tunalazimika kujua vitu viwili: kilichobaki leo, ambacho tunakipima, na kilichokuwepo mwanzoni, ambacho tunakidhania kutokana na hewa ya wakati ule. Naomba mlishike neno hilo "tunakidhania", kwa maana nitalirudia.

Mtu anaweza kushangaa jinsi jambo linalotegemea bahati nasibu ya atomu moja moja linavyoweza kuwa saa. Jibu liko kwenye wingi. Katika gramu moja ya kaboni iliyotoka kwenye mmea uliovunwa karibuni mna atomu za kaboni-14 zipatazo bilioni 59, na kati ya hizo, karibu 14 tu ndizo huoza kila dakika. Atomu moja hatuwezi kuitabiria lolote, ila kundi la mabilioni hufuata kanuni bila kuyumba: baada ya miaka takriban 5,730 nusu yake imekwisha oza, na baada ya miaka mingine 5,730 nusu ya ile nusu. Muda huo ndio unaoitwa nusu-maisha.

Sasa tuchukue mfano wa kukokotoa, na niseme wazi kwamba namba zake nimezitunga kwa ajili ya somo. Tuseme wachimbaji wamefungua tabaka la majivu katika kilima cha takataka za kale mahali kama Ntusi, kule Sembabule, ambako watu waliishi na ng'ombe wengi na kulima nafaka tangu kama karne ya 11. Katika majivu hayo wameokota punje ya ulezi iliyoungua, na maabara imerudisha jibu hili: sehemu ya kaboni-14 iliyobaki, ikilinganishwa na kipimo cha rejea cha hewa, ni 0.900. Yaani asilimia 90 ipo na asilimia 10 imeoza.

Wanafunzi wangu, tena wale hodari wa hesabu, karibu wote huanza hivi: ikiwa asilimia 50 hupotea kwa miaka 5,730, basi asilimia 10 ni moja ya tano ya hiyo, kwa hiyo umri ni miaka 1,146. Hesabu yenyewe haina kosa la kugawanya, lakini inadhani kwamba kaboni-14 huondoka kwa mwendo mmoja kama maji yanayotoka bombani. Haiondoki hivyo. Kila mwaka inapotea sehemu moja kati ya 8,267 ya kile kilichopo mwaka huo, na kwa kuwa kilichopo hupungua, kinachopotea nacho hupungua. Katika miaka elfu ya kwanza hupotea zaidi ya asilimia 11 ya kiasi cha mwanzo. Katika elfu ya sita hupotea kama asilimia 6 tu. Asilimia 10 ya kwanza, basi, huondoka upesi kuliko mwanafunzi anavyodhani.

Kuna njia fupi ninayoipenda, kwa sababu mtu anaweza kuifanya ubaoni bila kikokotoo. Ghala la punje yetu lilianza likiwa 1 na sasa ni 0.9, kwa hiyo kwa wastani lilikuwa 0.95 katika muda wote huo. Lililopotea ni 0.1. Tukigawanya 0.1 kwa 0.95 na kuzidisha kwa 8,267, tunapata takriban miaka 870. Hesabu kamili, inayotumia logi asilia, inatoa 871. Njia hii ya wastani hufanya kazi vizuri pale ambapo kilichopotea ni kidogo. Ikifika robo au nusu imepotea, itumieni logi yenyewe, ambayo kwenye kikokotoo ni kitufe kilichoandikwa ln.

Lakini ripoti ya maabara haitasema 871. Itasema kitu kama 846, na tofauti hiyo imewahangaisha walimu wengi. Sababu yake ni ya kihistoria. Willard Libby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliotangaza umri wa kwanza uliopimwa kwa njia hii mwaka 1949, walikuja kutumia nusu-maisha ya miaka 5,568. Baadaye vipimo bora vilionyesha kwamba ni karibu 5,730. Kufikia wakati huo umri mwingi ulikuwa umekwisha chapishwa, na wanasayansi waliona ni salama zaidi kila maabara iendelee kutumia namba ya zamani kuliko kuwa na vitabu nusu vikisema hivi na nusu vile. Kwa hiyo kanuni inayotumika hadi leo ni hii:

```
umri = -8033 × ln(F)
```

F ni ile sehemu iliyobaki, na 8,033 hutokana na nusu-maisha ya Libby. Wekeni 0.900, mtapata 846. Miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, si kutoka leo, na ndiyo maana huandikwa pamoja na herufi BP, kifupi cha Kiingereza cha "kabla ya sasa". Yeyote anayetoa 846 kwenye mwaka wa kalenda ulio ukutani kwake ameanzia pasipo.

Je, ni kosa kutumia namba tunayojua kwamba si sahihi? Ingekuwa kosa kubwa kama tungeishia hapo. Hatuishii hapo, kwa sababu ile 846 si umri bado. Ni ile sehemu 0.900 iliyoandikwa kwa lugha ya miaka, na ningependa kila mwalimu wa historia aliyemo humu aione hivyo. Hatua ya kuigeuza kuwa mwaka wa kalenda inakuja, na hatua hiyo huondoa kosa la Libby pamoja na makosa mengine makubwa kuliko hilo.

Kabla ya kufika huko, tuiulize 0.900 yenyewe inaaminika kiasi gani. Njia ya zamani ya kupima ilikuwa kukaa na kuhesabu mioozo, mmoja mmoja. Kwa kuwa matukio haya ni ya bahati nasibu, ukihesabu 100 shaka yako ni kama 10, yaani asilimia 10. Ukihesabu 10,000 shaka ni kama 100, yaani asilimia moja. Ili shaka ishuke hadi asilimia 0.4 lazima uhesabu mioozo 62,500. Gramu moja ya kaboni ya punje yetu hutoa kama 12 kwa dakika, kwa hiyo utakaa kwa saa 85 hivi, usiku na mchana. Na gramu nzima ya kaboni haipatikani kwenye punje moja ya ulezi. Ungehitaji konzi ya punje, nazo zingeunguzwa zote ziishe. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 ilipatikana njia ya pili, ya mashine inayozirusha atomu kwa kasi kubwa na kuzitenganisha kwa uzito wake, ikazihesabu atomu za kaboni-14 zenyewe bila kungoja zioze. Hiyo hutosheka na miligramu moja ya kaboni au hata chini ya hapo. Ndiyo iliyowezesha punje moja kuulizwa peke yake.

Tuseme basi maabara imetoa 0.900, na shaka ya 0.004 juu au chini. Ukizidisha 8,033 kwa 0.004 na kugawanya kwa 0.900 unapata 36. Ripoti itaandikwa 846 ± 36 BP, na wengi watazungusha kuwa 845 ± 35. Alama ile ya ± haisemi kwamba ukweli umefungiwa kati ya 810 na 880. Inasema kwamba kipimo kama hiki kikirudiwa mara nyingi, kama mara mbili kati ya tatu ukweli utakuwa ndani ya mipaka hiyo. Mara moja kati ya tatu utakuwa nje. Anayetaka kuwa ndani mara 95 kati ya 100 lazima aupanue mpaka uwe kama 70 kila upande. Nimewahi kusoma makala za magazeti zinazoikata hiyo alama na kuacha namba moja tupu, na huniuma kila ninapoiona, kwa sababu namba tupu inadai ujuzi ambao aliyepima hakuudai.

Sasa nirudie lile neno "tunakidhania". Hesabu yote tuliyofanya inadhani kwamba hewa ya miaka mia nane iliyopita ilikuwa na kaboni-14 sawa na kipimo chetu cha rejea. Haikuwa sawa. Nguvu ya sumaku ya dunia hupanda na kushuka, jua nalo lina vipindi vyake, na kila vikibadilika, miale inayofika angani hubadilika na kaboni-14 inayozaliwa hubadilika pia. Tunajuaje? Kwa miti. Katika nchi zenye majira ya baridi, mti huongeza pete moja kila mwaka, na kila pete ni hewa ya mwaka ule iliyofungiwa kwenye mbao. Wataalamu wameziunganisha pete za miti hai na za magogo ya kale, pete nyembamba ikilingana na nyembamba na nene na nene, hadi wakapata mnyororo wa zaidi ya miaka 12,000 usiokatika. Pete ambayo mwaka wake unajulikana hupimwa kaboni-14, na matokeo huchorwa kuwa mkunjo mmoja. Toleo la mwaka 2020 la mkunjo wa kaskazini mwa dunia huitwa IntCal20, na ndugu yake wa kusini ni SHCal20. Mbele ya pete, mkunjo huendelezwa kwa mashapo ya maziwa, matumbawe na mawe ya mapangoni hadi kama miaka 55,000 nyuma.

Kuusoma mkunjo ni kama kuuliza: ni miaka ipi ya kalenda ambayo pete zake zina sehemu ile ile tuliyoipata kwenye punje? Kwa 845 ± 35, mkunjo wa kaskazini hujibu kwa takriban kuanzia katikati ya karne ya 12 hadi miaka ya 1260. Angalieni kwamba kama tungetoa tu 846 kwenye 1950 tungepata mwaka 1104, ambao hata haumo katikati ya jibu hilo.

Hapa Uganda tuna ugumu wetu wa pekee, na si kosa la mtu. Hewa ya kusini mwa dunia huwa na kaboni-14 pungufu kidogo kuliko ya kaskazini, kwa kuwa bahari ni nyingi zaidi kule na bahari huirudishia hewa kaboni ya zamani. Tofauti hiyo huifanya sampuli ya kusini ionekane nzee kwa miongo michache. Sisi tumekaa juu ya ikweta, na mpaka wa hewa hizo mbili hupita juu ya vichwa vyetu ukienda na kurudi kila mwaka pamoja na mvua. Ulezi wetu ulivuta hewa ya upande upi? Kwa kiasi fulani pande zote. Wengine hutumia mkunjo wa kaskazini, wengine wa kusini, na wengine huichanganya miwili. Ukitumia wa kusini, punje yetu husogea mbele kidogo ndani ya karne ya 13. Kwa maoni yangu, ripoti isiyotaja mkunjo uliotumika haifai kunukuliwa darasani.

Na mkunjo si mteremko ulionyooka. Upo wakati unaoteremka kwa kasi, na hapo kipimo hutoa jibu jembamba na zuri; upo wakati unaolala karibu bapa, na hapo karne nyingi hushirikiana sehemu ile ile ya kaboni. Sehemu mbaya kuliko zote katika historia ya eneo letu ni kati ya takriban mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo. Mkaa ulioungua wakati wowote katika miaka hiyo 400 unaweza kurudi na jibu la karibu 2,450 BP. Huo ndio wakati unaogusa mjadala wa wafua chuma wa mwanzo kuzunguka Ziwa Viktoria, wale waliotengeneza vyungu vya aina ya Urewe. Watu hubishana kama chuma kilianza hapa mapema au baadaye, na mara nyingine wanachobishania ni upana wa mkunjo. Kupima tena kwa mashine bora hakuondoi ubutu huo, kwa sababu haumo kwenye mashine.

Tuseme sasa hesabu yote ni safi. Bado kuna swali la kwanza ambalo mchimbaji alipaswa kujiuliza kabla hata ya kufunga sampuli: kilichokufa ni nini, na kilikufa lini? Kaboni-14 huanza kupungua siku mmea ulipoacha kuvuta hewa, wala si siku uliposukumwa jikoni. Mwaka mmoja nilishiriki, nikiwa kijana wa kubeba ndoo na chekeche, katika uchimbaji ambao sampuli yake ya kwanza ilikuwa kipande kinene cha mkaa. Jibu lilikuja likiwa na karne kadhaa zaidi ya vyungu vyote vilivyokizunguka. Hakuna aliyedanganya. Mvule mkubwa huishi kwa karne nyingi, na mbao za moyoni mwake huwa zimeacha kuvuta hewa tangu zamani huku maganda ya nje yakiendelea kukua. Anayeukata leo na kuchoma kiini chake amechoma kaboni ya enzi za mababu. Tangu siku ile nikiona mkaa nauchunguza kwa kioo cha kukuzia: kijiti chembamba chenye ganda lake ninakikubali, bonge la gogo ninaliacha. Punje ya ulezi inapita yote hayo, kwa kuwa iliishi msimu mmoja tu.

Ulezi nao una tabia yake. Pamoja na mtama na mahindi, ni katika mimea inayovuta kaboni kwa namna tofauti na ndizi, maharage au miti, na kwa namna hiyo huingiza kaboni nzito kwa wingi zaidi. Kwa hiyo punje huanza maisha ikiwa na kaboni-14 nyingi kidogo kuliko kijiti kilichoota kando yake, na isiporekebishwa huonekana changa kwa zaidi ya miaka 200. Maabara hurekebisha kwa kupima kaboni-13 ya punje yenyewe, ambayo haiozi na hivyo hueleza upendeleo wa mmea. Ile 0.900 ya mfano wetu tayari imerekebishwa. Ila ripoti za zamani, hasa za miongo ya mwanzo, si zote zilizofanyiwa hivyo, na anayeweka tarehe ya nafaka ya miaka ya 1960 kando ya tarehe ya leo lazima aangalie jambo hilo kwanza.

Kisha kuna uchafu. Punje iliyokaa ardhini kwa miaka mia nane imepitiwa na vimizizi, maji meusi ya mboji, na vumbi la chokaa. Maabara huiosha kwa tindikali ili kuondoa chokaa, kisha kwa besi ili kuondoa rangi ya mboji, kisha kwa tindikali tena. Lakini kazi huanzia kwenye mikono ya mchimbaji: sampuli huchukuliwa kwa koleo safi na kufungwa katika karatasi ya alumini, si katika pamba wala karatasi ya daftari, kwa maana vyote viwili ni mimea ya juzi.

Uchafu haudhuru sampuli zote sawa, na hapa naomba mfanye hesabu nami. Punje yetu yenye 0.900 ikichanganyikana na asilimia moja ya kaboni ya kisasa inakuwa 0.901, na umri hupungua kwa miaka 9 tu. Umemezwa na ile ± 36. Chukueni sasa mfupa wa miaka 40,000. Sehemu yake iliyobaki ni kama 0.007. Ongezeni asilimia ile ile moja ya uchafu, inakuwa karibu 0.017, na kanuni inatoa miaka kama 32,800. Miaka 7,000 imetoweka kwa uchafu usioonekana kwa jicho. Jiwe la makaa lisilo na kaboni-14 hata chembe, likipakwa asilimia moja hiyo hiyo, litadai kuwa na miaka 37,000. Ndiyo sababu mwisho wa njia hii ni karibu miaka 50,000, na ndiyo sababu hakuna anayepeleka mifupa ya nyani wa kale wa Napak, kule Karamoja, kwenye maabara ya kaboni. Hiyo ina miaka ya mamilioni, na hupimwa kwa potasiamu na agoni zilizo katika miamba ya volkano.

Udongo wetu pia una mchwa. Mchwa huchimba chini, na punje ya juzi huweza kushuka mita nzima hadi kwenye majivu ya kale bila kuacha alama. Mara nyingine punje hiyo hujitaja yenyewe: majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani hadi ikakaribia kuwa maradufu kaskazini mwa dunia mwaka 1963, kwa hiyo sampuli inayorudi na sehemu zaidi ya 1, tuseme 1.15, ilikua baada ya majaribio hayo kuanza. Ila punje iliyoshuka karne tatu zilizopita haina alama kama hiyo, na dawa pekee ni kupima zaidi ya moja.

Basi tufanye hivyo. Tuseme kutoka tabaka la juu yake, sentimita 40 juu, tumepata punje nyingine yenye 0.912, shaka ikiwa ile ile. Kanuni inatoa 740 ± 35. Mpangilio unapendeza: ya juu ni changa kuliko ya chini, kama udongo ulivyolala. Tofauti ni miaka 106. Shaka za vipimo viwili haziongezwi moja kwa moja. Huchukuliwa mraba wa kila moja, zikajumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo, nacho hutoa kama 50. Kwa hiyo tofauti yetu ni 106 ± 50, mara mbili tu ya shaka yake. Kwenye mkunjo wa kaskazini punje ya juu huangukia zaidi katika karne ya 13, kuanzia miaka ya 1220 hivi, na ya chini huishia miaka ya 1260. Mipaka inapishana kwa miongo kadhaa.

Yule mzee aliniuliza pia kama punje hizi zinaweza kusema lini Wachwezi walitawala. Nilimwambia, na nawaambia nanyi, kwamba punje hizi mbili zinasema ulezi wa tabaka la chini ulivunwa wakati fulani kati ya mwaka 1150 na 1270, na kwamba ule wa juu pengine ulifuata baadaye, bila kuweza kusema kama ni baada ya misimu mitano au baada ya miaka mia. Nani aliyeupika, punje haijui. Ningekuwa na fedha ya sampuli moja zaidi, nisingeinunulia tarehe ya tabaka jipya. Ningepeleka punje ya pili kutoka majivu yale yale ya chini, nione kama nayo itarudi na 0.900.